Asante inayomfikia mtu: mwongozo kamili wa kumshukuru ana kwa ana aliyekubebea mzigo

Mimi ni katibu wa kikundi cha munno mukabi hapa Busia, upande wa Uganda. Tunachangiana kwenye msiba, ugonjwa na harusi, na tunapeana zamu za kulinda nyumba na watoto wa mwenye shida. Shughuli ikiisha, lalamiko huja kwangu kutoka pande mbili. Aliyesaidiwa anasema, "Katibu, nilimshukuru, mbona amebadilika?" Aliyesaidia anasema, "Hata hakuniambia kitu." Ukiwasikiliza vizuri, hakuna anayedanganya. Asante ilitoka mdomoni, lakini ilikuwa ile ile ambayo angepewa mtu yeyote kwa jambo lolote.

Mwongozo huu ni wa hali moja tu: jirani, ndugu au mwenzako wa kazi amekubebea mzigo kwa siku kadhaa, sasa umerudi kwenye maisha yako na unataka kwenda kwake kumshukuru. Asante ya kurudishiwa chenji au kupishwa kwenye teksi haihitaji haya yote.

Mfano nitakaoufuata ni wangu, kwa sababu niliukosea kwanza. Mama yangu alifanyiwa upasuaji Mbale na nikakaa naye hospitalini siku 9. Huku nyumbani niliacha watoto wawili na kibanda cha vyombo sokoni. Jirani yangu, mama wa Kiteso mwenye umri wa kuweza kunizaa, alibeba vyote viwili. Niliporudi saa 2 usiku nilisimama mlangoni kwake, begi bado liko begani, nikasema, "Asante sana mama kwa kila kitu, Mungu akubariki." Nikamtia noti ya shilingi 20,000 mkononi, nikaenda kulala.

Kesho yake akaniletea daftari la mauzo na pesa zilizobaki za siku 9. Nilipozihesabu zilizidi kwa 20,000. Ilikuwa noti yangu, imekunjwa vile vile nilivyoikunja. Hakusema neno. Kwa wiki mbili zilizofuata aliitikia salamu zangu kwa ufupi, akaendelea na shughuli zake.

## Vitu vya kuandaa

- Karatasi na kalamu. Hutakwenda nayo kwake, lakini utaihitaji kujiandaa.
- Mtu aliyekuwepo wakati wewe hukuwepo. Watoto ndio mashahidi bora.
- Habari za ratiba ya unayemwendea: siku zake za soko, za ibada, saa anayopika.
- Pesa za kulipa alichotumia kutoka mfukoni mwake, kama kipo. Ziweke mbali na zawadi.
- Zawadi moja ya nyumbani, isiyo pesa.
- Neno la shukrani katika lugha yake, ulilolijaribu mbele ya anayeijua.
- Nusu saa ambayo huna pa kukimbilia baadaye.

## Hatua ya 1: Lipa deni kwanza, siku nyingine

Mtu akikusaidia kwa siku nyingi, mara nyingi kuna pesa yake iliyotumika: nauli ya boda boda, dawa, muda wa maongezi, sukari ya uji wa watoto. Hilo ni deni. Ukilichanganya na shukrani, yeye hatajua unalipa nini. Akipokea noti iliyofuatana na maneno matamu, ataona umeipigia hesabu kazi yake na kuipa bei. Hapo ndipo nilipomuumiza jirani yangu. Kibarua hulipwa mlangoni jioni, naye hakuwa kibarua wangu.

Uliza kilichotumika. Usimwulize yeye, kwa sababu atasema hakuna. Mimi nilimuuliza mjukuu wake. Akaniambia kuwa usiku mmoja mwanangu mdogo alishikwa na homa, bibi akapanda naye boda boda hadi kliniki, akanunua na dawa. Jumla 14,000. Siku moja kabla ya kwenda kushukuru nilimpelekea pesa hizo mchana, kwa sentensi moja: "Mama, hii ni ya boda na dawa ya mtoto." Nikaondoka bila kuongeza shukrani.

Utajua umefaulu akipokea bila kuvutana nawe. Akikataa, usimlazimishe wala usimwachie mezani kwa siri. Mwambie, "Basi niambie nikulipie wapi," na mara nyingi atakutajia kitu: karo ndogo ya mjukuu, mchango wa kikundi.

## Hatua ya 2: Tafuta jambo analodhani hakuna aliyeliona

Hii ndiyo hatua wengi wanairuka, na ndiyo inayoamua kama asante yako itakuwa ya mtu huyu au ya mtu yeyote.

Unayajua mambo makubwa: alilinda kibanda, alilisha watoto. Naye anajua unayajua, kwa hiyo ukiyataja hashtuki. Ndani ya siku hizo, hata hivyo, kuna jambo dogo alilolifanya bila kuombwa, ambalo lisingefanyika hakuna mtu angemlaumu. Hilo ndilo la kutafuta, kwa sababu ndilo linaloonyesha alikuwa anawafikiria watu wako.

Waulize watoto taratibu, wakati wa chakula, bila kuwahoji kama polisi. Usiulize "Bibi aliwatunza vizuri?" maana jibu ni "Ndiyo" na mazungumzo yameisha. Uliza "Usiku mlilala wapi? Nani alizima taa?" Mwanangu mdogo anaogopa giza. Kwa swali hilo la taa akaniambia kwamba bibi hakuizima kamwe: aliipunguza, akaiweka karibu na mlango, asubuhi wakaikuta bado inawaka. Mimi sikumwambia jirani kwamba mtoto anaogopa giza. Aliona mwenyewe, akachoma mafuta yake usiku 9.

Kama msaada ulikuwa wa kazini, muulize aliyekaa meza ya jirani. Kama ulikuwa wa msibani, waulize waliokuwa jikoni, kwa sababu waliokaa kwenye viti vya mbele huwa hawakuona kitu.

Utajua umefaulu ukipata jambo ambalo wewe mwenyewe ulikuwa hulijui na limekugusa. Kama halijakugusa, endelea kuuliza.

## Hatua ya 3: Andika mistari mitatu

Chukua karatasi. Mstari wa kwanza: alichofanya. Wa pili: kilichomgharimu. Wa tatu: kilichobadilika kwako kwa sababu hiyo. Mistari mitatu, basi.

Kwenye mstari wa kwanza lugha za hapa kwetu zinatusaidia. Kiganda mara nyingi hakikuachi useme "webale" na kunyamaza. Aliyepika unamwambia *webale kufumba*, aliyetoka shambani *webale kulima*. Tendo linakaa ndani ya shukrani yenyewe. Ndiyo maana hata Kiswahili cha Uganda kina "asante kwa kazi" pale ambapo Mtanzania angesema "pole na kazi". Lakini kwa kutumika kila siku maneno hayo nayo yameisha makali. *Gyebale ko* sasa ni salamu ya njiani, unampa hata mtu usiyejua anafanya kazi gani. Kwa hiyo chukua mpango huo huo wa lugha, kisha ongeza siku, saa na kitu chenyewe. "Asante kwa kulinda kibanda" bado ni ya njiani. "Asante kwa kufungua kibanda saa 1 asubuhi siku 9, ukaandika kila sufuria iliyouzwa" ni yake peke yake.

Mstari wa pili ndio mgumu, kwa sababu unakutaka ukae mahali pake. Jirani yangu anauza mukene, yaani dagaa. Kwa kawaida hushuka Majanji, ziwani, kununua mzigo mara mbili kwa wiki. Siku zile 9 hakushuka hata mara moja. Aliuza akiba aliyokuwa nayo ikaisha, na siku mbili za mwisho meza yake ilikaa tupu huku yeye akiuza vyombo vyangu. Hilo sikuambiwa na mtu. Nililipata kwa kujiuliza siku zake hupitaje nikiwa nipo, kisha nikazilinganisha.

Mstari wa tatu usiwe "ulinisaidia sana". Andika tukio. Mimi niliandika: "Siku ya 4 daktari alitaka dawa ambayo haikuwepo pale. Ulinitumia pesa za mauzo kwa simu kabla ya saa 6 mchana. Mama alianza dawa siku ile ile."

Onyo: Usisifu tabia mahali pa tendo. "Wewe ni mtu mwema sana" humfanya msikilizaji aanze kujitetea moyoni, kwa sababu anajua siku ambazo hakuwa mwema. Tendo lenye saa na mahali halina ubishi.

Onyo la pili: Usiongeze hata nukta moja usiyo na uhakika nayo. Ukisema "ulikesha kila usiku" naye alilala siku sita, atajua unapamba, na hata yale ya kweli yatapungua uzito.

## Hatua ya 4: Chagua saa na mahali

Nenda kwake. Kumwita kwako aje kupokea shukrani ni kumpa kazi nyingine, na kukutana njiani kunamfanya asikilize akiwa amesimama na mzigo.

Kwa wengi hapa, saa 10 jioni ndiyo saa nzuri: chakula cha mchana kimeisha na moto wa jioni haujawashwa. Ukifika karibu na saa ya kula, mwenyeji atalazimika kupika kwa ajili yako, na umekwenda kushukuru umemwongezea gharama. Epuka siku yake ya soko. Kwa Mwislamu epuka mchana wa Ijumaa, na wakati wa Ramadhani usifike karibu na futari bila kualikwa. Kwa Mkristo, Jumapili baada ya ibada inafaa, ila nyumba huwa imejaa wageni.

Sasa, mbele za watu au peke yenu? Tazama alivyosaidia. Aliyesaidia hadharani anaweza kushukuriwa hadharani, na kwenye kikao cha kikundi shukrani ya mbele ya wenzake inamjengea heshima. Aliyekusaidia kwa siri, kama yule aliyekukopesha karo bila mkewe au mumewe kujua, mshukuru kwa siri. Ukimtaja mbele za watu utamletea maswali nyumbani na foleni ya wakopaji mlangoni.

Mimi nilichagua Jumamosi saa 10, chini ya mwembe wake, akiwa na mjukuu tu. Nilimtuma mtoto asubuhi aseme, "Mama atakuja kukusalimu jioni." Ukimshtukiza mtu hutampata amekaa.

## Hatua ya 5: Zawadi isiyofanana na malipo

Kwenda mikono mitupu si adabu, lakini zawadi kubwa nayo huharibu. Ikiwa na thamani inayokaribia kazi aliyoifanya, inageuka mshahara. Ikizidi, inageuka mzigo, kwa sababu naye ataona lazima arudishe.

Kilo 2 za sukari, mche wa sabuni, majani ya chai, mkate: vitu hivi vinaingia katika kila nyumba na havina makelele. Ukiweza, chagua kimoja kinachogusa jambo ulilolipata katika hatua ya 2. Mimi nilipeleka sukari, na chupa ya lita 1 ya mafuta ya taa.

Kama alikuletea chakula hospitalini, rudisha vyombo vyake vimeoshwa na ndani yake muwe na kitu, hata ndizi mbivu tatu. Chombo kikirudi kitupu baada ya siku nyingi, maneno mazuri hayatoshi kukijaza.

## Hatua ya 6: Ingia, salimia, kaa

Usianze kushukuru mlangoni. Mlango ni mahali pa shughuli za kupita, na asante ya mlangoni husikika kama kuaga.

Salimia kikamilifu, kwa zamu yake: hali yake, watoto, kazi, mgonjwa kama yupo. Kaa utakapoonyeshwa. Kama ni mkubwa wako na amekaa mkekani, usibaki juu ya kiti ukimtazama kutoka juu. Wanawake wa Kiganda hupiga magoti kwa mzee, na kama ndivyo ulivyolelewa, fanya hivyo. Kama si desturi ya kwenu, usiigize, kaa tu chini sawa naye. Ukipokea kitu, maji au chai, pokea kwa mikono miwili.

Kwa Mtooro au Mnyoro, uliza mapema empaako yake: Akiiki, Amooti, Adyeri, Abwooli na nyinginezo. Ni majina ya heshima na upendo ambayo watu wa huko husalimiana na kushukuriana kwayo, na mwaka 2013 UNESCO iliiweka desturi hiyo kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Asante yenye empaako humfikia mtu kabla hujafika kwenye tendo.

Dakika 10 za mazungumzo ya kawaida zinatosha. Zikizidi nusu saa, neno lako litakosa mlango wa kuingilia.

## Hatua ya 7: Sema

Tengeneza nafasi kwa sentensi moja: "Mama, nina neno moja nililokuja nalo." Atatulia. Sasa sema mistari yako mitatu kwa mpangilio ule ule, polepole, ukimtazama kadiri adabu yenu inavyoruhusu. Isizidi dakika mbili. Usisome karatasi.

Haya ndiyo niliyosema, karibu neno kwa neno:

"Mama, usiku ule niliporudi nilikushukuru vibaya. Nilisimama mlangoni, nikakupa pesa kama ninayelipa mtu wa kazi. Nisamehe. Leo nimekuja kukushukuru. Ulifungua kibanda changu saa 1 asubuhi siku 9, na kila sufuria umeiandika. Siku hizo hukushuka Majanji, na meza yako ilikaa tupu siku mbili ili yangu isilale. Siku ya 4, pesa ulizonitumia ndizo zilizonunua dawa ya mama yangu mchana ule. Na mtoto ameniambia juu ya taa. Sikukwambia kwamba anaogopa giza. Wewe uliona. *Eyalama noi*, mama."

Angalia mambo mawili hapo. Kwanza, jambo dogo la taa limekaa mwisho. Ukilitanguliza, hayo makubwa yatasikika kama orodha inayofuata nyuma. Likikaa mwisho, ndilo linalobaki masikioni. Pili, neno la lugha yake limekuja baada ya maelezo. Neno la kigeni kwako likitangulia huleta kicheko na sifa, "Kumbe unajua Kiteso!", na habari inahamia kwako. Kwa Mwacholi ungesema *apwoyo matek*, kwa Mnyankole *webare munonga*, kwa Mlugbara *awadifo*. Lijaribu kwanza mbele ya mwenye lugha, matamshi yasikuaibishe.

Maonyo matatu ya hatua hii:

Usisimulie mateso yako. Ukianza na jinsi ulivyolala sakafuni wodini, yeye itambidi akupe pole, na shukrani imegeuka kikao cha kukufariji.

Usiombe kitu. Hata kidogo, hata "utaniazima jembe kesho". Ombi likifuata asante, asante yote inaonekana ilikuwa njia ya kulifikia. Kama una shida ya kweli, ngoja siku tatu.

Usimlinganishe na wengine: "Ndugu zangu wenyewe hawakufanya hivi." Utamfanya mshirika wa ugomvi wenu bila kumwuliza, na maneno yatawafikia.

## Hatua ya 8: Nyamaza

Wengi wanaharibu hapa baada ya kufanya vizuri kote. Wamesema, kimya kimeingia, wanaogopa kimya, wanaanza tena: "Kwa kweli sana, yaani sana, sijui hata niseme nini." Kila "sana" inayoongezwa inafuta kitu kimoja ulichokitaja.

Acha kimya kikae. Mtu aliyeshukuriwa kwa jambo halisi anahitaji muda wa kulikumbuka.

Mara nyingi jibu la kwanza ni "Aa, si kitu." Hilo ni adabu, wala si kukataa. Usibishane, na usirudie hotuba. Jibu kwa sauti ile ile, "Kwa mtoto kilikuwa kitu," kisha nyamaza tena. Kwa Kiganda huenda ukajibiwa *webale kusiima*, asante kwa kushukuru. Jibu *kale*, yaani sawa, inatosha.

Sasa sikiliza. Utajua umefaulu kama ataanza kusimulia upande wake. Atakuambia jambo ambalo hukulijua, atakurekebisha, au atakumbuka kicheko cha siku zile. Utajua haikufika kama atasema "hakuna shida" na kuhamia haraka kwenye bei ya sukari, au kama atakutazama akingoja kusikia unataka nini.

Jirani yangu alinyamaza muda mrefu akichambua mukene kwenye ungo. Kisha akasema kwamba usiku wa tatu mafuta ya taa yaliisha, akatoka kuazima kwa jirani wa pili akiwa na kanga tu, maana aliogopa mtoto akiamka gizani atalia akimwita mama ambaye hayupo. Baadaye akasema jambo jingine: kuna sufuria mbili alimkopesha mteja na hajalipwa, na tangu siku ile amekuwa akiwaza namna ya kuniambia. Nikaelewa kwamba ule ufupi wa salamu haukuwa wa noti peke yake. Nilipomlipa mlangoni na kuondoka, nilimfungia nafasi ya kusema lililokuwa likimsumbua.

Jambo kama hilo likitoka, lipokee papo hapo: "Hizo sufuria tutazifuata pamoja, usiwaze." Usiseme "kumbe!" kwa sauti ya anayehesabu hasara.

## Hatua ya 9: Toa zawadi na uage

Zawadi hutoka mwishoni, karibu na kuaga, kwa maneno machache. Ikitangulia, maneno yako yote yatasikika kama risiti yake. Mimi nilisema tu, "Hii sukari ni ya chai. Na haya ni mafuta ya taa." Mafuta hayakuhitaji maelezo. Aliyatazama, akacheka, akamwita mjukuu aje ayaone.

Kaa dakika chache baada ya hapo, hasa kama ameweka chai. Kuondoka mara tu baada ya kutoa kunarudisha ile hali ya kulipa.

## Pale ambapo hatua hizi hubadilika

Muuguzi, polisi, mwalimu au ofisa wa serikali. Hatua za 2, 3 na 7 zinabaki, hatua ya 5 ondoa. Sheria ya Kupambana na Rushwa ya mwaka 2009 inaweza kuigeuza bahasha yako kuwa kesi yake. Njia nzuri ni kutamka mistari yako mitatu mbele ya msimamizi wake, ukitaja jina lake, siku na tendo. Kwa mfanyakazi wa wodi, jambo hilo huwa na faida kuliko soda.

Shukrani za msibani. Msemaji wa familia akisimama makaburini kuwashukuru wote kwa pamoja, amefanya wajibu wa ukoo. Hajawashukuru wale wanne waliochimba kaburi kwenye mvua. Andika majina yao siku hiyo hiyo kabla hujasahau, uwapitie mmoja mmoja ndani ya mwezi.

Umechelewa. Hata baada ya mwaka, nenda. Anza kwa kutaja ucheleweshaji kwa sentensi moja bila visingizio, halafu endelea na tendo. Kwa shukrani iliyochelewa, jambo dogo la hatua ya 2 lina nguvu hata zaidi, kwa sababu linaonyesha ulilibeba muda wote huo.

Yuko mbali. Piga simu na uongee kwa sauti, mistari ile ile mitatu, kisha umwambie lini utafika. Ukitaja mwezi, fika mwezi huo.

Sufuria zile mbili tulizifuata Jumatatu, mimi na yeye, hadi mtaa wa Sofia karibu na mpaka. Mteja alilipa moja, ya pili akaahidi mwisho wa mwezi. Njiani kurudi jirani yangu aliniuliza kama mtoto bado analala na taa. Nikamwambia ndiyo, tumeipunguza kidogo.